Je, Wajua? Siku za Mzigo Dukani

Je, wajua kwamba sukari yenye faida ya shilingi 100 tu kwa kilo inaweza kuishinda chupa ya chai yenye faida ya shilingi 5,000? Sogea tupige hesabu!

Tuseme dukani una magunia mawili ya sukari, yaani kilo 100, na unauza kilo 25 kwa siku. Gawanya 100 kwa 25: huo ni mzigo wa siku 4. Chupa za chai unazo 24, zinatoka mbili kwa mwezi. Huo ni mzigo wa mwaka mzima!

Sasa angalia mtaji. Sukari uliinunua 2,600 kwa kilo, kwa hiyo umeweka 260,000. Chupa, kwa 15,000 kila moja, zimekula 360,000. Mwaka ukiisha, chupa zote zimekupa faida ya 120,000. Sukari? 912,500! Shilingi zilezile zilikuwa zikitoka na kurudi kila baada ya siku nne.

Wajua kwamba hesabu ya duka zima inataka namba mbili tu? Chukua gharama ya kununulia bidhaa zote ulizouza mwaka huu, tuseme milioni 72. Gawanya kwa wastani wa mzigo ulionao, kwa bei ya kununulia pia, tuseme milioni 6. Mzigo wako umezunguka mara 12! Gawanya 365 kwa 12, utaona bidhaa hukaa kwako wastani wa siku 30.

Ukiweka mauzo ya milioni 90 badala ya gharama, utapata mara 15 na siku 24. Siku sita zimepotea kwenye daftari, na hakuna hata kiberiti kilichotoka haraka zaidi!

Na wajua kuwa kuhesabu mzigo tarehe 31 Desemba peke yake hudanganya? Wateja wa sikukuu wameshapita, rafu ni nyepesi, mzunguko unaonekana wa ajabu. Hesabu kila mwisho wa mwezi, jumlisha, gawanya kwa 12.

Hili ndilo hunifurahisha zaidi: ukichukua sukari kwa mali kauli ya siku 14 na ukaimaliza kwa siku 4, fedha ya muuzaji wa jumla inakufanyia kazi siku 10 kabla hujamlipa!

Lakini mvua ikiharibu barabara na mzigo mpya ukachukua siku 6 kufika, siku mbili mteja atakuta hamna sukari. Cha kushangaza, mzigo ukipungua hivyo, mzunguko kwenye daftari unaweza hata kupanda! Msimu huo agiza sukari ikiwa imebaki kilo 150, magunia matatu kamili.