Waya Ukikatika, Tangi Lisiseme Limekauka

Tuchukue mradi wa maji wa kawaida: kisima kirefu bondeni, tangi la zege kilimani, na paneli ya umeme kwenye kibanda cha pampu. Ndani ya tangi kinaning'inia kihisi kinachopima kina cha maji kwa kuhisi shinikizo lake. Tangi likijaa lina mita 5. Maji yakishuka hadi mita 2 pampu inawaka, yakifika mita 4.5 inazimika. Hakuna anayepanda kilimani kuchungulia. Kazi hiyo wameachiwa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya paneli, na jozi ya nyaya zilizofukiwa kando ya bomba.

Sasa mtu anayelima kando ya bomba anapiga jembe na kukata waya. Kidhibiti kitaona nini?

Jibu linategemea jinsi kihisi kinavyotuma habari zake. Vihisi vingi vya viwandani na vya miradi ya maji hutuma mkondo mdogo wa umeme: miliampia 4 maana yake tangi tupu, miliampia 20 limejaa, na 12 ni nusu, yaani mita 2.5. Kuanzia 4 badala ya sifuri kuna faida mbili. Kwanza, kihisi chenyewe hupata umeme wake kwenye waya uleule, kwa hiyo hata tangi likiwa tupu lazima kibakiwe na kiasi cha kujiendeshea. Pili, sifuri halisi inabaki na maana moja tu: hakuna kitu upande wa pili. Kihisi kinachotuma volti 0 hadi 10 hakina nafasi hiyo. Sifuri yake inaweza kuwa tangi tupu au waya uliokatika, na kidhibiti hakina namna ya kutofautisha.

Lakini nafasi hiyo haisaidii kama programu haikuandikwa kuitazama. Mkondo ukiwa sifuri, hesabu ya kawaida ya kubadili miliampia kuwa mita inatoa mita −1.25. Mwandishi wa programu aliyetaka skrini ipendeze aliweka sharti kwamba kina kisishuke chini ya sifuri, basi skrini inaonyesha 0.00. Kwa kidhibiti hilo ni tangi kavu, na tangi kavu linatakiwa kujazwa. Pampu inawaka na haizimiki. Maji yanamwagika usiku kucha, bili ya umeme inapanda, na kisima kikizidiwa pampu inaanza kuvuta hewa.

Kwa kadi nyingine, waya uleule unaleta balaa la kinyume. Kadi nyingi za familia ya S7 ya Siemens huhesabu kipimo kamili kuwa 27648, na zikiwekewa ukaguzi wa waya, waya ukikatika hurudisha 32767, namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuisoma. Programu isiyojua hilo itapiga hesabu na kupata mita 5.93 kwenye tangi la mita 5. Pampu inakaa kimya, na mji unaamkia mabomba makavu.

Mipaka inayotumika sana imetokana na pendekezo liitwalo NE 43 la NAMUR, chama cha Ujerumani cha watumiaji wa mitambo ya udhibiti viwandani. Kipimo cha kweli kinaruhusiwa kuwa kati ya miliampia 3.8 na 20.5. Mkondo ukiwa 3.6 au chini, ama 21 au zaidi, hicho si kipimo tena, ni taarifa ya hitilafu. Nafasi ndogo iliyoachwa katikati inazuia tangi linalokaribia kukauka lisidhaniwe kuwa waya mbovu. Vihisi vya kisasa huvuka mipaka hiyo kwa makusudi vinapojigundua kuwa ni vibovu, na fundi ndiye anayechagua viende juu au chini. Kwa tangi linalojazwa mimi ningechagua juu. Hata ukaguzi ukisahaulika siku moja, kihisi kibovu kitasomeka kama tangi lililojaa na pampu itazimika.

Ukaguzi wenyewe hufanywa kwenye mkondo mbichi, kabla ya kubadilishwa kuwa mita na kabla ya ile sifuri ya kupamba skrini. Huwekewa subira ya sekunde mbili hivi, kwa sababu radi ya mbali au mota kubwa inayowaka inaweza kutikisa mkondo kwa kitambo kidogo. Subira ikiisha, kidhibiti kiache kabisa kutumia kina hicho, kizime pampu na kupiga king'ora. Wapo wanaopendelea kushikilia kipimo cha mwisho kilichokuwa kizuri. Kwa kazi fulani inafaa, ila hapa ni hatari: kama waya ulikatika maji yakiwa mita 1.9, kidhibiti kitaamini mita 1.9 milele na kusukuma maji bila kikomo.

Maneno ya king'ora nayo yana uzito. Kikisema "tangi tupu", mlinzi wa zamu ataiwasha pampu kwa mkono, na atakuwa hajakosea. Kinatakiwa kusema kihisi cha tangi hakisomeki, na kile cha tangi tupu kinyamazishwe. Mkondo ukirudi, pampu isiwake yenyewe mpaka mtu athibitishe, maana waya uliolegea hukata na kurudi mara nyingi kabla ya kufa kabisa.

Kujaribu ni rahisi, na ajabu ni kwamba miradi mingi hukabidhiwa bila jaribio hili. Weka pampu kwenye hali ya mkono, legeza skrubu moja kwenye paneli, chomoa waya wa kihisi, kisha tazama skrini. Kama inaonyesha 0.00 bila kelele yoyote, kazi haijaisha.

Kuna hitilafu ambazo mipaka hii haizioni kabisa. Kutu ni mfano mzuri. Paneli inatoa volti 24, kihisi kinahitaji angalau 12 ili kifanye kazi, na kadi ina ukinzani wa omu 250. Kiungio cha nyaya kilichoingia maji kinaongeza omu 500. Tangi likiwa nusu, mkondo wa miliampia 12 unapoteza volti 9 njiani, kihisi kinabakiwa na 15 na kinasoma sawasawa. Ukifika miliampia 16 zimepotea 12, zimebaki 12, na hapo ndipo mwisho wake. Mkondo haupandi tena. Skrini inaganda kwenye mita 3.75 huku maji yakiendelea kupanda, na mita 4.5 za kuzima pampu hazifikiwi kamwe. Miliampia 16 iko katikati ya mipaka, kwa hiyo ukaguzi wa waya hautasema neno.

Kinachomuumbua mwongo wa namna hii ni muda. Pampu ikiwa inasukuma na kina hakijabadilika kwa nusu saa, kuna jambo. Kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi la petroli kiliganda mnamo saa 9 usiku huku tangi likiendelea kujazwa. Namba iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ya kawaida kabisa. Swichi ya juu iliyotakiwa kukata mafuta nayo haikufanya kazi, petroli ikafurika, na saa 12 asubuhi bohari ikalipuka.

Ndiyo maana tangi letu la kilimani linahitaji pia boya la juu lenye waya wake lenyewe, lisilopitia kwenye kihisi. Mguso wake ufungwe hivi: ukiwa umeshikana, pampu inaruhusiwa, ukiachana, pampu inazimika. Jembe likipita kwenye waya huo nao, pampu itasimama.