Shilingi ya tangazo huleta mauzo kiasi gani?

Tuchukue mfano wa duka la samani. Kwa miezi mitano lilitumia kwenye matangazo shilingi elfu 100, 200, 300, 400 na 500. Mauzo, pia kwa maelfu, yalikuwa 1,300, 1,500, 2,000, 2,100 na 2,600. Kwenye Excel, matangazo yako safu A, mauzo safu B:

```
=SLOPE(B2:B6,A2:A6)
=INTERCEPT(B2:B6,A2:A6)
=RSQ(B2:B6,A2:A6)
```

Majibu ni 3.2, 940 na takriban 0.97. Yaani kila shilingi ya tangazo iliambatana na ongezeko la mauzo la shilingi 3.2, juu ya msingi wa elfu 940. Ukipanga kutumia elfu 450, zidisha kwa 3.2, jumlisha 940: tarajia 2,380.

Mauzo hutangulia ndani ya mabano. Ukigeuza, SLOPE itatoa 0.30, lakini RSQ haitabadilika hata chembe, kwa hiyo haitakushtua.

RSQ inasema mstari unaeleza asilimia 97 ya kupanda na kushuka kwa mauzo. Haisemi tangazo ndilo lililoyaleta. Ikiwa mwenye duka hutangaza zaidi kila sikukuu inapokaribia, huenda wateja wangekuja tu. Na miezi mitano ni michache mno. Usiutumie mstari huu kukisia matangazo ya milioni mbili.

Halafu 3.2 ni mauzo, si faida. Kama kila shilingi ya mauzo humwachia senti 25 baada ya gharama ya bidhaa, shilingi ya tangazo inamrudishia senti 80.