Ankara Moja, Mistari Minne

Ankara ya duka la vifaa vya ujenzi inafika mezani kwa mhasibu wa hoteli ndogo ya ufukweni Tanzania Bara. Ina mistari minne: mabomba na viungio, shilingi 500,000, pampu mpya ya maji, 2,000,000, sabuni na dawa za kusafishia, 300,000, usafirishaji, 200,000. Jumla ni 3,000,000, na VAT ya asilimia 18 inaongeza 540,000. Muuzaji anadai 3,540,000.

Njia ya mkato ni kuiingiza yote kwenye akaunti ya matengenezo. Mara nyingi programu ya uhasibu ndiyo inayomsukuma mhasibu huko, kwa sababu muuzaji huyu amewekewa akaunti hiyo tangu siku aliyosajiliwa. Leja itabalansi, muuzaji atalipwa, na hakuna atakayelalamika siku hiyo. Lakini ankara inaeleza muuzaji ameuza nini. Leja inatakiwa ieleze mnunuzi amekitumiaje, na hayo ni maswali mawili tofauti.

Kila mstari hupewa namba mbili. Ya kwanza ni ya akaunti, inayosema hii ni gharama ya aina gani. Ya pili ni ya kituo cha gharama, inayosema ni idara ipi inayoibeba. Katika hoteli hii, akaunti 6210 ni matengenezo ya majengo na 6340 ni vifaa vya usafi. Kituo 10 ni vyumba vya wageni, 20 ni jiko, 30 ni huduma za jengo zima.

Mabomba hayasumbui. Hati ya kuagizia inasema yametumika kurekebisha mabafu ya wageni, basi ni 6210, kituo 10. Sabuni imegawanywa kati ya vyumba na jiko, na hapa mhasibu asikisie. Hati za kutolea bidhaa stoo zinaonyesha vyumba walichukua ya 180,000 na jiko ya 120,000, kwa hiyo mstari mmoja wa ankara unakuwa mistari miwili ya leja, yote kwenye 6340. Kama sabuni ingekuwa bado stoo, ingekaa kwanza kwenye akaunti ya bidhaa za stoo hadi itolewe.

Pampu ndiyo inayoharibu hesabu za wengi. Itafanya kazi miaka kadhaa, kwa hiyo si gharama ya mwezi huu. Ni mali ya kudumu, mradi thamani yake imefikia kiwango kilichowekwa na sera ya kampuni. Gari lilikodiwa kwa ajili yake peke yake, na gharama ya kufikisha mali ya kudumu mahali pake huingia kwenye thamani ya mali hiyo. Pampu basi inaandikwa kwa 2,200,000. Ikikadiriwa kudumu miaka mitano bila thamani ya masalio, uchakavu wake ni 440,000 kwa mwaka, na huo ndio utakaokwenda kituo 30 kidogo kidogo.

Hoteli imesajiliwa VAT na risiti ya EFD ipo, hivyo 540,000 inaingia kwenye akaunti ya VAT ya manunuzi ili idaiwe kwenye ritani. Ambaye hajasajiliwa hana pa kuidai. Kwake VAT hufuata kila mstari kama sehemu ya bei.

Sasa tuone njia ya mkato ingefanya nini. Kama kiasi chote, pamoja na VAT, kingeangukia 6210 kituo 10, msimamizi wa vyumba angeulizwa kwa nini ametumia 3,540,000 kwa matengenezo, wakati yake halisi ni 500,000. Jiko lingeonekana limepika mwezi mzima bila sabuni. Faida ya mwezi ingepunguzwa isivyo haki, na pampu isingekuwamo kwenye daftari la mali, hata ikiibiwa.

Makosa haya hujitokeza kwa anayeyatafuta. Kabla ya kufunga mwezi, fungua leja ya matengenezo na utazame kiasi kikubwa kinachosimama peke yake. Tazama idara isiyo na gharama ambayo huwa nayo kila mwezi. Tazama pia akaunti ya gharama nyinginezo, maana ikivimba kuna mtu amechoka kuuliza. Ukikuta kosa usifute. Andika jono la kuhamisha, lenye namba ya ankara na sababu.

Mhasibu, hata hivyo, hawezi kujua bomba limekwenda bafu gani kama hakuambiwa. Kwa hiyo wakuu wa idara, mnapojaza hati ya kuagizia, msiishie kwenye jina la bidhaa. Andikeni inakwenda wapi na kufanya kazi gani.