Je, Wajua? Turufu Hulazwa Kifudifudi
Katika mchezo wa karata uitwao Ishirini na Nane, unaochezwa sana Kerala, kusini mwa India, watu 4 hucheza wawili wawili, washirika wakikaa mkabala, na kila mmoja hutaja dau, yaani idadi ya pointi ambazo upande wake utapata, akiwa ameona karata 4 tu kati ya 8 atakazopewa. Katika kila aina ya karata ghulamu ana pointi 3, tisa 2, ree na kumi 1 kila moja, ilhali mfalme, ajabu, hana kitu. Dau kwa kawaida huanzia 14, na aliyepanda juu kuliko wote huchagua turufu, aina inayozishinda nyingine, akailaza karata yake moja kifudifudi, hata mshirika wake asiijue, hadi mchezaji aliyeishiwa aina iliyoongozwa aiulize. Mwenye dau la 17 akishika ghulamu na tisa ya shupaza ana 5 tu mkononi, na upande wake ukiishia 16, umeshindwa, ijapokuwa wapinzani wamepata 12 pekee.