“Nisubiri Dakika Mbili”: Maneno Machache kwa Dereva wa Bodaboda

Binti wa kaka yangu, aliyezaliwa na kulelewa Uingereza, alikuwa mgeni wetu hapa Lushoto pale bibi mmoja wa ukoo alipofariki kule Soni. Maziko yalipangwa saa nne asubuhi. Sisi wakubwa tulitangulia usiku ule ule, naye tukamwachia namba ya kijana wa bodaboda anayetubeba siku zote. Kabla ya kulala akamwandikia: “Njoo unichukue kesho saa 8.” Kijana akajibu neno moja tu: “Sawa.”

Asubuhi binti alikaa kibarazani amevaa baibui, akitazama barabara. Akapiga simu, haikupatikana. Kijana alikuwa amepeleka mzigo upande wa Magamba. Saa nane kamili za mchana pikipiki ikafika, na kofia ngumu ya pili imening'inia kwenye usukani. Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka, na binti hakuuona uso wa marehemu.

Kijana hakukosea hata kidogo. Namba 8 iliyokuwa kichwani mwa binti ni ile anayoisoma kwenye simu yake, nayo kwetu ni saa mbili asubuhi. Sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, Waingereza wanaanza usiku wa manane, na tofauti yake ni saa sita. Anayefasiri maneno na kuiacha namba kama ilivyo amefasiri nusu. Njia ya salama ni kuitaja saa kwa Kiswahili na kuongeza kipande cha siku: “saa mbili asubuhi”. Kisha asiridhike na “sawa”, bali amwombe dereva aitaje saa hiyo mwenyewe. Wapo wanaopenda kusema “baada ya Adhuhuri”. Hilo nalo lina mashaka yake, kwani mmoja anakusudia baada ya adhana na mwingine baada ya jamaa kutoka msikitini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafsiria binti huyu jumbe zake, nami nimegundua kwamba maneno mafupi ndiyo yenye mitego. Alipotaka kumwambia dereva amngoje, aliandika “Nasubiri dakika mbili.” Dereva akasoma kwamba binti yuko tayari barabarani na uvumilivu wake ni wa dakika mbili, akaendesha mbio kwenye kona ambazo sipendi hata kuzifikiria. Alipaswa kuandika “Nisubiri.” Herufi moja tu inabadilisha nani anamngoja nani.

Nako kuna “nifuate”. Kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni njoo unichukue, lakini binti alidhani ni kumwambia mtu atembee nyuma yake, akaliogopa kama neno lisilo la heshima kwa mwanamume asiye maharimu. Nikampa “nipitie”, ambalo linafaa ikiwa dereva yuko njiani kuja upande wetu. Kama yuko mbali, na atoke huko kwa ajili yako tu, “njoo unichukue” ndiyo sahihi.

Lakini neno lililotusumbua zaidi ni “nipo nje.” Katika mji wa tambarare, nje ni mlangoni, na mlango uko barabarani. Milima ya Usambara haina tabia hiyo. Nyumba yetu iko bondeni chini ya barabara, na njia ya kupandia ni ya miguu, haipitiki kwa pikipiki. Binti akiwa kibarazani anaandika “nipo nje”, na dereva akiwa juu naye anajibu “nipo nje”. Wote wawili wanasema kweli na hakuna anayemwona mwenzake. Sasa anaandika hivi:

“Assalaam alaykum. Nipo nyumbani, chini. Napanda barabarani sasa. Nisubiri dakika kumi.”

Ile kumi tuliipata kwa kuipima. Dakika mbili zake zilikuwa za ngazi za Uingereza, na juu ya huo mpando zinaongezeka za kukusanya baibui na mtandio vizuri ili visinaswe na mnyororo au tairi la nyuma. Dereva aliyeambiwa kumi anazima injini na kungoja, au anasema wazi kwamba ana abiria mwingine. Aliyeambiwa mbili, zikapita saba, huondoka, wala simlaumu. Abiria aliyemwacha stendi kwa ajili yako ni riziki yake.

Na iwapo dereva ni mgeni kwetu, binti humwomba jambo moja zaidi: “Nitumie namba ya pikipiki.” Namba hiyo, inayoanza na MC, huituma kwa mama yake mdogo kabla ya kupanda, na akifika barabarani huilinganisha na ile iliyo kwenye kibao. Juzi ilitofautiana tarakimu moja. Akarudi chini, akamwandikia dereva “Samahani, leo siendi,” tukampata mwingine.