Orodha ndefu ya spishi si ushahidi wa mto wenye afya

Mto Kamukuywa huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita katikati ya mashamba ya mahindi na miwa, hukatana na barabara ya Kitale-Webuye karibu na soko la Kamukuywa, kisha hujiunga na Nzoia, ambao huyafikisha maji yake Ziwa Viktoria. Mtafiti anayetaka kujua ni sehemu ipi ya mto huo yenye aina nyingi zaidi za wadudu wa majini hukabiliwa na tatizo la usafiri kabla ya lile la hesabu. Darajani gari hufika hadi ukingoni. Huko juu, mvua ikinyesha, hata pikipiki hukwama katika tope. Matokeo yake ni kwamba penye njia nzuri wavu hutumbukizwa mara nyingi, na penye njia mbaya mara chache.

Tofauti hiyo si ndogo, kwani kadiri viumbe wengi wanavyovuliwa ndivyo aina adimu zinavyozidi kujitokeza. Anayelinganisha orodha mbili bila kulitazama hilo huenda anapima bidii ya wavuaji badala ya utajiri wa mto.

Chukulia mfano huu wa kubuni. Huko juu wavu umetumbukizwa mara 3, wakapatikana wadudu 60 wa spishi 12. Darajani umetumbukizwa mara 9, wakapatikana wadudu 300 wa spishi 15. Kwa idadi tupu, daraja limeshinda, na afisa anayetafuta sehemu ya kuhifadhi aweza kuacha sehemu ya juu ilimwe hadi ukingoni.

Lakini wale 300 wamegawanyikaje? Tuseme spishi moja ina wadudu 150, ya pili 90, ya tatu 30 na ya nne 10. Wadudu 20 waliosalia wamegawanyika miongoni mwa spishi 11: moja ina 5, nyingine 3, tatu zina 2 kila moja, na sita zina mmoja mmoja. Hapo ndipo njia ya kusawazisha sampuli, ambayo wataalamu huiita rarefaksheni, inapoingia. Swali lake ni jepesi: kama darajani wangalichukuliwa wadudu 60 tu bila kuchagua, zingalitarajiwa spishi ngapi?

Spishi yenye mdudu mmoja ina nafasi ya 60 kwa 300, yaani 0.2, ya kuonekana. Yenye wawili ina nafasi ya 0.36, yenye watatu 0.49, yenye watano 0.68 na yenye kumi 0.90. Zile tatu kubwa zitaonekana karibu kwa hakika. Nafasi za spishi zote 15 zikijumlishwa, jibu ni 7.3. Kwa wadudu 60, basi, daraja lina spishi 7 hivi dhidi ya 12 za juu. Mshindi amegeuka, na kilichomgeuza ni ile spishi moja iliyochukua nusu ya wavu mzima.

Njia hii ilipendekezwa na Howard Sanders mwaka 1968, alipokuwa akichunguza viumbe wa sakafu ya bahari. Mwaka 1971 Stuart Hurlbert alionyesha kuwa hesabu ya Sanders ilikuwa ikizidisha idadi ya spishi, akatoa kanuni sahihi, ambayo ndiyo iliyotumika hapo juu.

Hata hivyo, kanuni hiyo huchukulia kwamba wadudu wamechanganyika kama maharagwe katika gunia lililotikiswa vyema. Mtoni sivyo: spishi moja hujazana chini ya jiwe moja. Penye msongamano wa namna hiyo, hesabu ya mdudu mmoja mmoja hutoa matarajio ya juu kupita kiasi. Dawa yake ni kusawazisha kwa nyavu: huchukuliwa kila kundi la nyavu 3 kati ya zile 9 za darajani, makundi 84 kwa jumla, na kutafutwa wastani wa spishi zake. Ndiyo sababu mwenye busara huhifadhi kila wavu katika chupa yake. Aliyekwisha kuzimwaga zote katika ndoo moja hana tena njia ya kufanya hesabu hiyo.

Majibu ya njia hizi mbili yaweza kutofautiana bila yoyote kuwa na kosa. Nyavu 3 za darajani zingebeba wadudu 100 hivi, si 60, kwa sababu huko wadudu ni wengi zaidi kwa kila wavu. Hesabu ya nyavu hueleza spishi zilizomo katika kipande cha mto chenye ukubwa uleule. Hesabu ya wadudu hueleza spishi zilizomo katika idadi ileile ya viumbe. Ni juu ya mtafiti kuamua mapema anauliza lipi.

Na usawazishaji hauponyi kila kitu. Ikiwa huku kumetumika wavu wenye matundu mapana na kule wenye matundu membamba, au sampuli moja imetambuliwa hadi spishi na nyingine hadi familia tu, hakuna hesabu itakayoziokoa.