Barua ya Kumshauri Mteja Asimamishe Tangazo kwa Muda

Wakala wa matangazo humwandikia mteja barua ya kusimamisha tangazo pale fedha zinapoendelea kutoka huku mauzo hayaonekani. Barua hiyo ina ugumu wake, kwa sababu anayeiandika ndiye aliyelitengeneza tangazo, na mara nyingi ujira wake hutegemea tangazo hilo kuendelea. Ndiyo maana huanza na ushauri wenyewe. Chini ya kichwa kama “YAH: KUSIMAMISHA TANGAZO LA SOFA KWA MUDA”, sentensi ya kwanza hutaja kinachopendekezwa na tarehe ya kuanza. Aya tatu za shukrani na hali ya soko humfanya mteja ahisi kuna jambo linafichwa.

Chukua mfano wa muuza samani wa Dar es Salaam anayetangaza seti za sofa kwenye Facebook na Instagram. Anayebonyeza tangazo hupelekwa WhatsApp kuzungumza na duka. Bajeti ni shilingi 50,000 kwa siku, na wiki tano zimekula shilingi 1,750,000. Watu 420 wametuma ujumbe, lakini walionunua ni watatu. Kila seti humwachia mwenye duka faida ya shilingi 250,000, kwa hiyo tangazo limerudisha shilingi 750,000 tu. Ili fedha za tangazo zirudi zote zilihitajika seti saba.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa barua, nayo hufanywa kwa faida, si kwa bei ya kuuzia. Wakala anayeandika kwamba sofa za mamilioni zimeuzwa hasemi uongo, ila anamficha mteja hasara yake. Vivyo hivyo idadi ya waliolitazama tangazo au kulipenda haifai kutangulizwa, kwa kuwa haijalipa bili yoyote.

Baada ya hasara kuonekana, barua hueleza chanzo chake, na hapa mwenendo wa wiki kwa wiki hufaa kuliko jumla. Katika mfano huu ujumbe ulikuwa 120 wiki ya kwanza, kisha 110, 85, 60 na 45. Bajeti haikubadilika, hivyo gharama ya kila ujumbe ilipanda kutoka chini ya shilingi 3,000 hadi karibu 7,800. Wakati huohuo, wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo ulipanda hadi mara tano. Namba hizi mbili zikienda pamoja, maelezo ya karibu zaidi ni kwamba tangazo linawazungukia watu walewale, na waliotaka kuuliza wamekwisha kuuliza.

Lakini uchovu wa tangazo hauelezi kwa nini watu 420 walizaa wanunuzi watatu. Jibu la hilo limo kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na wakala makini huyasoma kabla ya kuandika. Akikuta wengi waliuliza bei asubuhi wakajibiwa usiku, kasoro iko dukani. Jambo hilo huandikwa kwa namba bila lawama: “Kati ya watu 420, watu 250 walisubiri jibu zaidi ya saa sita.”

Mteja mwelewa atauliza kama wiki tano zinatosha kuhukumu. Swali ni la haki, maana sofa hainunuliwi siku inapoonekana, na wengi husubiri mshahara. Barua humjibu kwamba mwisho wa mwezi umeshapita ndani ya kipindi hicho. Mfumo wa Facebook nao huhitaji takriban matokeo 50 kwa wiki ili ujue wa kumwonyesha tangazo, na kiwango hicho kilifikiwa katika wiki nne za kwanza. Lingekuwa na siku nne tu, kulisimamisha kungekuwa pupa.

Kusimamisha kuna gharama yake pia, na barua isiyoitaja haijakamilika. Fedha ambazo hazijatumika hubaki salama, lakini tangazo likizimwa kwa siku saba au zaidi, mfumo huanza kujifunza upya likiwashwa. Kwa hiyo siku za mwanzo baada ya kurudi zinaweza kuwa ghali, na mteja akiambiwa mapema hatashtuka.

Kinachotofautisha mapumziko na kukata tamaa ni masharti ya kurudi. Kwa duka hili yanatosha mawili: picha mpya zinazoonyesha bei, na mtu wa kujibu ujumbe ndani ya nusu saa wakati wa kazi. Mwisho wa barua huombwa jibu la maandishi, ndiyo au hapana, kabla ya tarehe iliyotajwa, kwa kuwa kila wiki ya kusubiri humgharimu mwenye duka shilingi 350,000.